Softimaksi na krosi-entropi: jinsi ya kuisoma hasara ya modeli kama uwezekano

Ukifundisha modeli ya kutofautisha makundi matatu au zaidi, skrini itakuonyesha namba inayoshuka, iitwayo hasara: 1.61, 1.20, 0.74, 0.52. Watu wengi huiangalia kwa jicho moja tu, kwamba ikishuka ni heri na ikipanda ni shari. Lakini namba hiyo inasema jambo mahususi. Ukiisoma vizuri utajua kama modeli imejifunza chochote, kama msimbo wako una kasoro, na kama modeli imeanza kujiamini kupita kiasi. Huhitaji kukariri kanuni yoyote. Unachohitaji ni kushika swali moja mpaka mwisho: modeli ilitoa uwezekano kiasi gani kwa jibu sahihi?

Nitatumia mfano mmoja tu, wa majani ya muhogo. Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ilitoa picha za majani ya muhogo zilizopigwa Uganda, nyingi na wakulima wenyewe mashambani mwao, kisha wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao NaCRRI wakaziwekea lebo. Picha hizo zilitumika katika shindano la Kaggle lililoanza mwishoni mwa 2020, na faili la mafunzo lina picha 21,397 katika makundi matano. Kundi la 0 ni CBB, ugonjwa wa bakteria, picha 1,087. Kundi la 1 ni CBSD, michirizi ya kahawia; picha 2,189. Kundi la 2 ni CGM, madoadoa ya kijani; picha 2,386. Kundi la 3 ni CMD, batobato, picha 13,158. Kundi la 4 ni majani yenye afya, picha 2,577. Batobato peke yake ni zaidi ya picha sita katika kila kumi, na jambo hilo litatusumbua huko mbele.

Hatua ya kwanza: kutoka alama ghafi hadi uwezekano

Tabaka la mwisho la modeli halitoi uwezekano. Linatoa alama tano ghafi, moja kwa kila kundi, na zinaweza kuwa hasi, chanya, kubwa au ndogo. Tuseme kwa jani fulani modeli imetoa alama hizi: CBB 0.0, CBSD 2.0, CGM 0.5, CMD 3.0, na afya -0.5.

Tunajua CMD inaongoza, ila hatujui inaongoza kwa kiasi gani. Hapo ndipo softimaksi inapoingia. Kazi yake ni kugawa asilimia 100 ya imani kwa makundi yote matano, kila moja lipate fungu lake, pasiwepo fungu hasi wala lililobaki nje.

Mgawanyo huo unafuata sharti moja: kila tofauti ya alama 1 kati ya makundi mawili inazidisha imani mara 2.718 hivi. CMD ina 3.0 na CBSD ina 2.0, tofauti ni 1, basi CMD inapewa imani mara 2.7 ya CBSD. CBSD na CBB zimepishana kwa alama 2, basi CBSD inapata mara 2.718 kuzidisha 2.718, yaani kama mara 7.4 ya CBB. Ukishapanga uwiano wote namna hiyo, unagawa kwa jumla ili vyote vifike asilimia 100:

```python
import torch
import torch.nn.functional as F

alama = torch.tensor([[0.0, 2.0, 0.5, 3.0, -0.5]])
print(F.softmax(alama, dim=1))
# [[0.0325, 0.2405, 0.0537, 0.6536, 0.0197]]
```

Kwa hiyo modeli inasema: asilimia 65 ni batobato, asilimia 24 ni michirizi ya kahawia, na asilimia kama 11 zilizobaki wagawane wale watatu.

Kutokana na sharti hilo, alama yenyewe haina maana ikiwa peke yake. Tofauti ndiyo yenye maana. Ukiongeza 50 kwenye alama zote tano, uwezekano haubadiliki hata kidogo. Maktaba za msimbo zinautegemea ukweli huu. Kabla ya kupiga hesabu zinatoa alama kubwa kuliko zote kutoka kwenye kila alama, kwa sababu katika namba za biti 32 alama ikipita 88 hivi hesabu inafurika, inakuwa `inf`, na muda si mrefu skrini inajaa `nan`. Anayeandika softimaksi yake kwa mkono na kusahau hatua hii ataona mafunzo yakienda vizuri siku za mwanzo, halafu yavunjike ghafla alama zinapokua.

Hatua ya pili: kuihukumu modeli kwa kilichotokea kweli

Sasa lebo inafunguliwa: jani hili ni CBSD. Modeli ilikuwa imeipa CBSD asilimia 24. Krosi-entropi, kipimo kinachozaa ile namba ya hasara, inauliza hilo tu. Haijali zile asilimia 76 nyingine ziligawanywaje kati ya makundi manne yasiyo sahihi. Wengi hudhani inalinganisha mafungu yote matano na jibu, lakini lebo inapokuwa moja na ya uhakika, linaloingia kwenye hukumu ni fungu la jibu sahihi peke yake. Mengine yanahusika kwa njia ya pembeni tu: kila walichochukua wao, jibu sahihi limekikosa.

Kwa jani moja ni rahisi. Kwa majani mengi, swali linakuwa hili: kama modeli ingetabiri lebo zote, ingekuwa na uwezekano gani wa kuzipatia zote? Hapo tunazidisha. Chukua majani matatu ambayo jibu sahihi lilipewa 0.65, 0.24 na 0.90. Uwezekano wa kupatia yote matatu ni 0.65 mara 0.24 mara 0.90, kama 0.14. Modeli nzuri ni ile inayoyapa yaliyotokea kweli uwezekano mkubwa kwa pamoja. Wanatakwimu walikuwa wakipima hivyo kabla ya mitandao ya neva kuwepo.

Tatizo ni la kimashine. Hata kama kila jani kati ya yale 21,397 lingepewa 0.90, zao lake lina sifuri zaidi ya 970 baada ya nukta kabla hujakutana na tarakimu ya kwanza. Kompyuta italiandika sifuri. Kwa hiyo tunatumia logi asilia, ambayo inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Logi ya namba iliyo chini ya 1 ni hasi, basi tunageuza ishara ili tupate kitu cha kupunguza. Kisha tunagawa kwa idadi ya majani tupate wastani. Hiyo ndiyo krosi-entropi yote.

Kwa majani yetu matatu: 0.65 inaleta 0.43, 0.24 inaleta 1.43, na 0.90 inaleta 0.11. Wastani ni 0.65. Irudishe sasa kwenye uwezekano kwa kuinua 2.718 kwa kipeo cha hasi 0.65, unapata 0.52. Maana yake ni kwamba kwa majani haya modeli inafanya kazi sawa na modeli nyingine ambayo ingetoa asilimia 52 kwa kila jibu sahihi bila kupanda wala kushuka.

```python
lebo = torch.tensor([1])
hasara = F.cross_entropy(alama, lebo)
print(hasara.item())              # 1.425
print(torch.exp(-hasara).item())  # 0.240
```

Mstari huo wa mwisho ningependa kila anayefundisha modeli auweke kwenye kumbukumbu zake za mafunzo, kando ya hasara. Hasara ya 0.69 ni asilimia 50. Hasara ya 0.36 ni asilimia 70. Hasara ya 0.105 ni asilimia 90. Ukizoea kusoma hivi, namba ya hasara haitakuwa fumbo tena.

Kwa nini kosa la kujiamini linauma kuliko mengine

Huu wastani si ule wa kawaida wa kujumlisha na kugawa. Unatokana na kuzidisha, na katika kuzidisha namba moja ndogo mno inaharibu zao lote. Chukua majani 100. Tisini na tisa modeli imeyapa jibu sahihi kwa asilimia 99. Moja imekosa kwa kiburi: kwa jibu sahihi imetoa uwezekano wa moja kwa milioni. Wastani wa kawaida ungekuwa bado asilimia 98. Krosi-entropi inakuwa 0.148, yaani asilimia 86. Jani moja limeshusha kipimo chote kutoka 99 hadi 86.

Hili ni kusudi, na ni haki. Modeli iliyosema moja kwa milioni imesema jambo hili halitatokea, na limetokea. Lakini lina upande wake mbaya kwenye data kama hii ya muhogo, ambamo baadhi ya lebo zimekosewa. Jani lenye michirizi ya kahawia likiandikwa kimakosa kuwa lina afya, modeli iliyojua ukweli itaadhibiwa vikali kwa kusema kweli, na itaendelea kusukumwa mpaka ikariri jani hilo. Njia ya kawaida ya kupunguza madhara ni kulainisha lebo. Badala ya kusema kundi sahihi ni asilimia 100, unasema ni asilimia 92 na mengine manne ni asilimia 2 kila moja. Ndivyo `label_smoothing=0.1` inavyofanya katika PyTorch kwa makundi matano. Ukumbuke tu kwamba sakafu imepanda: modeli kamilifu haitashuka chini ya 0.39 hivi. Usilinganishe kamwe hasara iliyolainishwa na isiyolainishwa.

Hatua ya tatu: modeli inasukumwaje

Turudi kwenye jani letu la CBSD. Kila alama ghafi inasukumwa kwa nguvu sawasawa na tofauti kati ya fungu lililotolewa na fungu lililotakiwa. CBSD ilipata 0.24 na ilitakiwa kupata 1, basi alama yake inavutwa juu kwa 0.76. CMD ilipata 0.65 na ilitakiwa kupata sifuri, basi inashushwa kwa 0.65. CGM inashushwa kwa 0.05, CBB kwa 0.03, afya kwa 0.02. Jumlisha mishusho yote kabla ya kukata desimali, utapata ileile 0.76 iliyopanda.

Kwa hiyo anayesukumwa chini zaidi ni mpinzani aliyenyakua fungu kubwa, na jani ambalo modeli imekwisha kulipatia kwa asilimia 99 halisukumi chochote cha maana. Mafunzo yanahamia yenyewe kwenye majani magumu. Ndiyo sababu softimaksi na krosi-entropi hutembea pamoja. Ukipima tofauti ya mraba kati ya mafungu na jibu badala ya logi, modeli iliyokosa kwa kujiamini sana inapata msukumo karibu na sifuri, na inabaki palepale ilipokosea.

Namba za kuangalia kabla na wakati wa mafunzo

Modeli ambayo haijajifunza chochote inapaswa kugawa imani sawa kwa makundi yote: asilimia 20 kila moja. Hasara yake ni 1.609. Kwa hiyo bachi ya kwanza kabisa ikupe namba iliyo karibu na 1.6. Ikikupa 5 au 8, modeli imezaliwa na kiburi: uzani wa tabaka la mwisho ni mkubwa mno, au pembejeo hazijasawazishwa. Ikikupa 0.3, ama modeli imepakia uzani uliokwisha kufundishwa kwa data hii, ama hasara inahesabiwa vibaya.

Namba ya pili ni muhimu zaidi, na wengi hawaihesabu. Tuseme modeli haiangalii picha kabisa, inakariri tu mgawanyo wa faili: CMD asilimia 61.5, afya 12.0, CGM 11.2, CBSD 10.2, CBB 5.1. Hasara yake ni 1.18, sawa na asilimia 31. Na usahihi wake? Ikichagua CMD kila mara inapatia asilimia 61.5 za majani. Mtu anayeangalia usahihi tu ataona 61 na kufurahi baada ya epoki ya kwanza, kumbe modeli haijafungua macho. Hasara ikikwama kwenye 1.18, hakuna picha iliyotazamwa. Ikishuka chini ya hapo, kuna kitu kinachosomwa kwenye jani lenyewe.

Namba ya tatu inafichua kosa linalojirudia mno katika misimbo ya wanaoanza. `nn.CrossEntropyLoss` ya PyTorch inapokea alama ghafi na kufanya softimaksi yenyewe kwa ndani. Ukiweka `softmax` mwishoni mwa modeli, halafu ukaipeleka huko, softimaksi inafanyika mara mbili. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, na hasara itashuka kama kawaida. Lakini fikiria kitakachotokea: alama zinazoingia sasa ziko kati ya 0 na 1, tofauti kubwa kabisa inayowezekana ni 1, na tofauti ya 1 ni uwiano wa mara 2.718 tu. Kwa makundi matano, jibu sahihi haliwezi kupewa zaidi ya asilimia 40 hivi.

```python
kamili = torch.tensor([[0.0, 1.0, 0.0, 0.0, 0.0]])
print(F.cross_entropy(kamili, torch.tensor([1])))  # 0.9048
```

Ukiona modeli ya makundi matano inajifunza vizuri kisha inakwama juu kidogo ya 0.905, wala haishuki hata kwenye data ya mafunzo, nenda moja kwa moja kwenye tabaka la mwisho ukaiondoe hiyo `softmax`. Katika Keras kosa linaweza kuwa kinyume chake: `SparseCategoricalCrossentropy` kwa chaguo lake la msingi inategemea uwezekano, basi ukiipa alama ghafi lazima uandike `from_logits=True`.

Kuhusu batobato kuwa nyingi, wengi hukimbilia kuweka uzani kwa kila kundi. Inasaidia modeli isiyapuuze yale machache, lakini ujue umebadilisha swali. Ukiyapa makundi uzani kinyume cha wingi wake, mafungu ya modeli yanaeleza shamba la kufikirika ambamo makundi yote matano yana majani sawa. Hata ile namba ya modeli isiyotazama picha inarudi kuwa 1.609. Asilimia 30 za CBB kutoka kwa modeli hiyo si asilimia 30 za shamba la kweli, ambamo CBB ni adimu.

Je, asilimia 80 ni asilimia 80 kweli?

Katikati ya mafunzo kuna hali moja inayowachanganya watu: kwenye data ya uhakiki usahihi umetulia, pengine hata unapanda kidogo, lakini hasara inaanza kupanda. Soma kwa uwezekano na utaielewa. Idadi ya majani yaliyokosewa haijabadilika, ila yale yaliyokosewa sasa yanakosewa kwa kujiamini zaidi. Jibu sahihi lililokuwa na asilimia 20 limeshuka hadi 2, na bado ni kosa lilelile moja kwenye hesabu ya usahihi.

Kulipima hili, kusanya majani ya uhakiki ambayo modeli iliyatolea jibu kwa asilimia kati ya 80 na 90, kisha hesabu mangapi imepatia. Ikiwa imepatia 85 hivi katika kila 100, uwezekano wake unaaminika. Ikiwa imepatia 65, inajisifu. Dawa rahisi ni kugawa alama zote ghafi kwa namba moja kabla ya softimaksi, namba unayoichagua kwa kutafuta hasara ndogo kabisa kwenye data ya uhakiki. Jani letu likigawiwa kwa 2, CMD inashuka kutoka asilimia 65 hadi 44 na CBSD inapanda hadi 26. Mpangilio haubadiliki, kwa hiyo usahihi unabaki vilevile. Imani ndiyo inayopoa.

Dawa hiyo ina mpaka wake. Softimaksi inalazimika kugawa asilimia zote 100 kwa makundi matano iliyofundishwa, hata ukiipa picha ya jani la mwembe. Haina fungu la "sijui". Na mkulima anajua jambo jingine ambalo softimaksi hailiwezi: mmea mmoja wa muhogo unaweza kuwa na batobato na michirizi ya kahawia kwa wakati mmoja. Kwa softimaksi, imani iliyoongezwa kwa CMD ni lazima ipungue kwingine, basi jani lenye yote mawili litaishia kwenye nusu kwa nusu, sawasawa na jani ambalo modeli imeshindwa kulitambua. Ukihitaji kutofautisha hali hizo mbili, kila ugonjwa upewe swali lake la ndiyo au hapana, kwa sigmoidi tano zinazojitegemea na `BCEWithLogitsLoss`. Lakini faili hili lina lebo moja tu kwa kila picha, kwa hiyo kabla ya kubadilisha mstari wowote wa msimbo, kuna kazi ya kurudi kwa wataalamu na kuziwekea picha lebo upya.